Ratiba ya Wiki Tatu na Kibwagizo Chake

Wiki tatu ni siku 21, na wepesi wa hesabu hiyo ndio unaowaponza wanafunzi wengi. Mwanafunzi huhesabu mada zake, akahesabu na siku zake, akazigawa siku kwa mada, kisha akachora mistari kwa rula na kuipaka rangi. Akimaliza huona kana kwamba nusu ya kazi imekwisha. Ratiba ya namna hiyo hupendeza ukutani, lakini ina kasoro moja kubwa: imeandikwa kama kwamba akili ni ghala, ambamo gunia likishaingizwa halitoki tena. Akili si ghala. Akili hufanana zaidi na kisima cha pwani, ambacho maji yake hupanda na kushuka, na mwenye kutaka kuyajua hana budi kurudi na kamba yake kila mara.

Ratiba ninayotaka kuieleza hapa niliipanga mwaka 2024 pamoja na mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa mwisho wa sayansi ya mazingira. Mtihani huo alikuwa akiurudia. Kwa kanuni za chuo chake, kuanguka mara ya pili kulikuwa na maana ya kuondoka, na ada ya miaka miwili iliyotangulia ilikuwa imelipwa kwa mwani aliouvuna mama yake, kamba baada ya kamba, katika maji ya ufuoni. Mimi nilisomesha jiografia katika skuli kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo ndiyo akanijia.

Mada zilikuwa 16. Nazitaja mara moja, ili msomaji auone upana wa bahari yenyewe: mfumo ikolojia, mizunguko ya virutubisho, udongo, kilimo, rasilimali za maji, uchafuzi wa maji, nishati, uchafuzi wa hewa, tabaka la ozoni, mabadiliko ya tabianchi, bahari na pwani, bioanuwai, misitu, idadi ya watu, taka, na mwisho sheria za mazingira pamoja na tathmini ya athari. Ratiba aliyokuja nayo iliipa kila mada siku moja, kwa mfuatano ule ule wa mihadhara, na siku tano za mwisho akaziandika "marudio".

Nikamuuliza, "Mwanangu, mada ya siku ya kwanza utaiona tena lini?"

Akahesabu kwa vidole. "Siku ya 17, Mjomba."

"Na siku hiyo utarudia mada ngapi?"

"Tatu. Siku nyingine nne."

Hapo ndipo ilipo kasoro. Mnamo mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Alipima ni juhudi kiasi gani angeiokoa iwapo angejifunza orodha ile ile mara ya pili. Baada ya siku moja tu alikuwa akiokoa takriban theluthi ya juhudi ya mwanzo. Nyingine ilikuwa imekwenda na maji. Somo lenye maana halisahauliki upesi kama silabi tupu, lakini umbo la usahaulifu ni lile lile: mporomoko mkali mwanzoni, kisha mteremko wa polepole. Anayeiacha mada siku 16 kabla ya kuirudia hudhani anarudia, kumbe anaanza upya.

Wapenzi wa mashairi hawana haja ya kuelezwa jambo hili kwa grafu. Shairi la kibwagizo huleta neno jipya katika kila ubeti, na kila ubeti ukafungwa kwa mstari ule ule. Msikilizaji aliyehudhuria mara moja tu huondoka na kibwagizo kinywani, hata kama beti zimempotea. Watoto wetu wa chuoni nao hufundishwa vivyo hivyo: hawapewi sura mpya mpaka wamedurusu ya jana. Ratiba ya mpwa wangu ilikuwa na beti 16 na haikuwa na kibwagizo.

Kabla ya kuandika ratiba mpya tulizihesabu saa, kwa sababu siku si kipimo. Asubuhi alikuwa akifanya kazi dukani. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi angeweza kusoma saa tatu kwa siku. Ijumaa saa moja. Jumamosi na Jumapili saa nne kila siku. Hizo ni saa 21 kwa wiki, saa 63 kwa wiki tatu. Kisha nikamwambia azifute Jumapili zote. Hakupenda. Lakini katika wiki tatu za maisha ya visiwani hapakosi harusi, wala homa, wala umeme kukatika, na ratiba isiyo na nafasi tupu huvunjika siku ya kwanza ya dharura, na mwenye ratiba akavunjika moyo nayo. Jumapili tatu, saa 12, zikawa akiba. Zikabaki saa 51.

Saa hizo 51 tulizigawa mafungu manne. Saa 24 za kusoma mada 16 kwa mara ya kwanza. Saa 16 za kurudia kila mada mara mbili, nusu saa kila mara. Saa nane za kuandika na kusahihisha karatasi mbili kamili za mitihani iliyopita. Na saa tatu, yaani zile za Ijumaa, kwa ajili ya hesabu peke yake. Msomaji ataona kuwa fungu la kusoma upya halikufika hata nusu ya muda wote. Mpwa wangu alistaajabu. Katika ratiba yake ya kwanza fungu hilo lilikuwa robo tatu.

Karatasi ya kwanza ya mtihani aliiandika siku ya kwanza kabisa, Jumatatu, bila kufungua daftari, na akaisahihisha Jumanne kwa kutumia mwongozo wa majibu. Kufanya hivyo huuma, kwa kuwa hakuna apendaye kuona alama chache kwa mkono wake mwenyewe. Alipata 38 kwa 100, naye alihitaji 50. Lakini hatukutafuta alama. Tulitaka kujua kila mada imesimama wapi, maana mwanafunzi akiulizwa ni mada ipi inayomshinda, aghalabu hutaja asiyoipenda, si asiyoijua. Yeye alidhani adui yake ni sheria. Karatasi ikaonesha kuwa sheria alikuwa wa kati, ilhali mizunguko ya virutubisho, udongo, uchafuzi wa maji, ozoni na tabianchi ndizo zilizomwangusha. Mada hizo tano zikapewa saa mbili kila moja. Tano alizozimudu zikapewa saa moja moja. Sita za kati zikapewa saa moja na nusu. Jumla yake ni zile saa 24.

Sasa likaja suala la mfuatano, nalo ndilo lililotuchukua muda mrefu. Mihadhara hufuata sura za kitabu, lakini mazingira hayana sura. Chembe moja ya naitrojeni haijui kwamba imetoka katika mada ya udongo na kuingia katika mada ya uchafuzi wa maji. Kwa hiyo tukaamua kuifuata chembe yenyewe. Wiki ya kwanza ikawa ya naitrojeni na maji: mfumo ikolojia, mizunguko, udongo, kilimo, rasilimali za maji na uchafuzi wa maji. Wiki ya pili ikawa ya kaboni na hewa: nishati, uchafuzi wa hewa, ozoni, tabianchi, bahari, bioanuwai na misitu. Wiki ya tatu ikabakiwa na mada tatu zinazomhusu binadamu moja kwa moja, yaani idadi ya watu, taka na sheria. Sheria iliwekwa mwisho kwa sababu mtu hawezi kutathmini athari za mradi ikiwa hajajua athari ni nini.

Faida ya kufuata uzi badala ya sura ilionekana siku ya nne. Katika karatasi yake ya kwanza palikuwa na swali: eleza kwa nini mbolea ya naitrojeni huchafua maji ya chini ya ardhi. Alijibu kwamba mvua huiosha mbolea, akapata alama moja kati ya nne. Jibu lake halikuwa kosa. Lilikuwa limeishia mlangoni. Alipoifuata naitrojeni kutoka hewani, ikakamatwa na bakteria wa mizizi ya kunde na choroko, ikawa amonia, kisha bakteria wengine wa udongoni wakaigeuza kuwa nitrati pale penye oksijeni, alifika kwenye udongo akiwa na swali mkononi: kwa nini nitrati ioshwe zaidi kuliko amonia? Jibu liko katika chaji za umeme. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi. Amonia ikiwa ndani ya maji ya udongo huchukua chaji chanya, kwa hiyo mfinyanzi huishika. Nitrati ina chaji hasi, mfinyanzi huisukuma, nayo hushuka na maji mpaka kisimani. Hapo mada ya mizunguko, ya udongo, ya kilimo na ya uchafuzi wa maji zilikutana katika sentensi tatu, na alama nne zikawa zake.

Uzi huo huo ulimpeleka hadi kwenye maji yaliyorutubishwa kupita kiasi, na hapo tukakutana na kosa ambalo nimelisahihisha katika daftari nyingi. Wanafunzi huandika kwamba miani midogo huongezeka majini, ikanyonya oksijeni, samaki wakafa. Mtahini hulikata. Miani ikiwa hai na penye mwanga hutoa oksijeni mchana kuliko inavyotumia. Maafa makubwa huja baadaye: miani hufa, huzama, na bakteria wanaoiozesha ndio wanaoimaliza oksijeni ya maji. Anayesoma kwa kupitisha macho juu ya mistari hatalijua kosa hili, maana mistari ya kitabu ni sahihi na macho huikubali. Hulijua pale tu anapotakiwa kuuchora mnyororo huo mwenyewe, mshale kwa mshale, na kuandika juu ya kila mshale nani anafanya nini.

Ndiyo maana ile nusu saa ya kurudia haikuwa ya kusoma. Kanuni yake ilikuwa hii. Dakika 15 za mwanzo daftari limefungwa, karatasi ni nyeupe, naye anaandika na kuchora yote anayoyakumbuka. Dakika 10 anafungua daftari na kujisahihisha kwa kalamu nyekundu. Dakika tano za mwisho anaandika maswali mawili yaliyomshinda, na maswali hayo ndiyo yatakayofungua marudio yajayo. Siku za mwanzo alilalamika.

"Mjomba, nikisoma tena naelewa vizuri. Nikiandika bila daftari naona sijui kitu."

Hisia hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayopotosha. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walisoma matini fupi. Baadhi waliisoma tena, na wengine wakaandika walichokumbuka bila kuiona. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wa mpwa wangu haukuwa baada ya dakika tano. Hali ya kuona kwamba hujui kitu, ukiwa na kalamu mkononi siku ya sita, ina nafuu kuliko kuiona ukumbini siku ya 22.

Mpango wa marudio wenyewe ulikuwa mwepesi. Marudio ya kwanza yalikuja siku mbili hivi baada ya kusoma, kabla mporomoko haujakwisha kazi yake. Marudio ya pili yalikuja baada ya wiki moja hivi. Kwa hiyo wiki ya kwanza ilikuwa na mada sita mpya na marudio sita. Ya pili mada saba na marudio 11. Ya tatu mada tatu na marudio 15. Ukiitazama ratiba kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo jipya linapungua na kibwagizo kinaongezeka. Mada tatu za mwisho hazikupata wiki nzima ya kupumzika kati ya marudio yake, na huo ndio mpaka wa wiki tatu. Ndiyo maana zile tano nzito kuliko zote zisingeweza kuachwa mpaka huko.

Kuna mahali pamoja tu ambapo tulikwenda kinyume cha desturi ya kumaliza mada moja ndipo uianze nyingine. Mada za ozoni na tabianchi huchanganywa na wanafunzi kuliko mada nyingine zozote. Mpwa wangu alikuwa ameandika kwamba joto la dunia linaongezeka kwa sababu jua linapenya katika tundu la ozoni. Mada mbili zinazochanganyika zikisomwa mbalimbali, kila moja huonekana wazi siku yake, na mchanganyiko ukabaki pale pale. Kwa hiyo zile saa nne tulizisuka pamoja: nusu saa hii, nusu saa ile, juu ya karatasi moja yenye safu mbili na maswali manne. Gesi gani? Katika tabaka gani la angahewa? Mionzi ipi? Mkataba upi?

Safu ya ozoni ilijibu hivi: klorini inayotoka katika klorofluorokaboni huivunja ozoni ya stratosfia, na mionzi inayohusika ni ya urujuanimno, itokayo juani. Kupungua kwa ozoni juu ya Antaktiki kulitangazwa mwaka 1985, na Itifaki ya Montreal ikatiwa saini mwaka 1987. Safu ya tabianchi ilijibu hivi: kaboni dioksaidi, methani na gesijoto nyingine hulizuia joto linalotoka ardhini kurudi angani, kwa hiyo mionzi ni ile ya joto, isiyoonekana kwa macho, Mkataba wa Umoja wa Mataifa ni wa mwaka 1992 na Mkataba wa Paris ni wa mwaka 2015. Kisha pakawa na mstari mmoja uliopita katika safu zote mbili, nao ulimfurahisha sana. Gesi za hidrofluorokaboni, zilizoletwa kuchukua nafasi ya zile zilizoharibu ozoni, haziivunji ozoni, lakini ni gesijoto kali. Ndiyo sababu mwaka 2016, mjini Kigali, Itifaki ya Montreal ilirekebishwa ili kuzipunguza. Anayeweza kueleza kwa nini mkataba wa ozoni umeingia katika kazi ya tabianchi hawezi tena kuzichanganya mada hizo mbili.

Saa za Ijumaa zilikuwa za hesabu, na nilitaka ziwe fupi na za mara kwa mara, kwa kuwa hesabu hukaa mkononi zaidi kuliko kichwani. Nitaeleza mbili. Ya kwanza ni ya muda wa idadi ya watu kuongezeka maradufu, ambao hukadiriwa kwa kugawa 70 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka. Tulitumia sensa yetu wenyewe. Zanzibar ilihesabiwa kuwa na watu 1,303,569 mwaka 2012 na watu 1,889,773 mwaka 2022, ongezeko la takriban asilimia 3.7 kwa mwaka. Sabini kugawa kwa 3.7 ni karibu 19. Yaani, kama kasi hiyo ingeendelea bila kubadilika, mtoto aliyezaliwa siku ya sensa angefika umri wa miaka 19 akiwa katika visiwa vyenye watu mara mbili. Baada ya hesabu hiyo mpwa wangu alinyamaza, kisha akasema kwamba visima havitaongezeka maradufu. Maneno hayo aliyaandika kwenye ukurasa wa rasilimali za maji, wala sikumwambia afanye hivyo.

Ya pili ni ya uchachu wa bahari. Tangu kabla ya zama za viwanda, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi takriban 8.1. Mwanafunzi huona tofauti ya 0.1 akaidharau, akigawa, hupata upungufu wa asilimia moja na kitu. Lakini kipimo cha pH ni cha logi. Kila hatua moja ni mara kumi, na hatua ya 0.1 ni 10 kwa kipeo cha 0.1, ambayo ni 1.26 hivi. Kwa hiyo chembe za hidrojeni zenye chaji zimeongezeka kwa takriban asilimia 26. Njia ya kulitambua kosa ni kujiuliza kabla ya kukokotoa: je, kipimo hiki kinajumlisha au kinazidisha? Swali hilo aliliandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa wake wa hesabu.

Ratiba ilipata mtihani wake yenyewe katika wiki ya pili. Jumanne ukatokea msiba wa jirani, na kwa desturi zetu hapana mtu anayejifungia na daftari wakati tanga limekaa nyumba ya pili. Jumanne na Jumatano zikapita, saa sita. Jumapili ya akiba ilizirudisha nne. Zilizobaki mbili zilitaka kukatwa mahali, na kishawishi cha kwanza kilikuwa kuyaruka marudio, kwa sababu marudio huonekana kama anasa na mada mpya kama deni. Tulifanya kinyume. Bioanuwai na misitu, ambazo karatasi ya kwanza ilionesha anazimudu, zilisomwa nusu saa badala ya saa moja. Saa moja iliyobaki ikahamishiwa Jumapili ya mwisho. Marudio hayakuguswa hata moja. Kibwagizo kikikatwa, beti zote hupungua nguvu. Ubeti mmoja ukifupishwa, shairi bado husimama.

Siku ya 17, Jumatano, aliandika karatasi ya pili kwa muda kamili, saa tatu, simu ikiwa chumba kingine. Alhamisi akaisahihisha: 61. Hapo ratiba ikabadilika kwa mara ya mwisho. Marudio 12 yaliyobaki hayakupangwa tena kwa tarehe, bali kwa makosa ya karatasi ile. Udongo, ambao sasa aliujua, ulipewa dakika 10 tu; taka na tathmini ya athari zikapata muda uliozidi. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi kamili. Jumapili, siku ya 21, aliilipa ile saa moja ya deni, akaupitia ukurasa wa hesabu mara moja, akalala mapema.

Alipita kwa alama 64. Siisemi namba hiyo kuwa ushahidi wa jambo kubwa, maana mtu mmoja si utafiti, na binti huyu alikuwa amekwisha kuisikia mihadhara yote mara mbili. Ratiba ya wiki tatu haiwezi kumpa mwanafunzi mazoezi ya maabara aliyoyakosa, wala kumfahamisha mada ambayo hakuwahi kufundishwa. Inaweza tu kuyapanga yaliyokwisha kupandwa. Na karatasi za mitihani iliyopita zikikosekana, ile siku ya kwanza itabidi ifanywe kwa maswali ya kila mwisho wa sura, ambayo hayatoi picha kamili.

Lipo pia jambo ambalo wiki tatu haziwezi, nalo nilimwambia waziwazi. Marudio mawili ndani ya siku 21 hutosha kwa siku ya 22. Hayatoshi kwa mwaka. Anayetaka nitrati na chaji zake zibaki naye mpaka siku atakaposimama kando ya kisima cha watu na kuulizwa kwa nini maji yamebadilika, hana budi kuirefusha ratiba: marudio ya tatu baada ya mwezi, ya nne baada ya miezi mitatu au minne, kila mara kwa karatasi nyeupe na daftari lililofungwa. Mpwa wangu ameandika tarehe hizo ndani ya jalada la daftari lake. Ya kwanza ilipofika aliichora mizunguko yote minne, na akakosa mshale mmoja tu: ule unaoirudisha naitrojeni hewani pale penye udongo uliojaa maji, pasipo na oksijeni. Aliuongeza kwa kalamu nyekundu, akauandika miongoni mwa maswali ya mara ijayo.